Ukirudi nyuma hatua moja, programu yote inafunga

Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri haikubaliki.

Nilikuwa namkatia mama tiketi ya basi, Dar kwenda Mbeya, ule msimu wa mabasi kujaa. Kiti cha dirishani nimepata, jina na namba ya simu nimeshajaza, nipo ukurasa wa malipo. Mama akapiga: atashukia Makambako. Nikatelezesha kidole kutoka ukingoni mwa skrini ili nirudi nyuma kidogo. Programu ikafunga yote! Kuifungua tena, inaniuliza upya natoka wapi naenda wapi. Na kile kiti kimeshakuwa chekundu, kimechukuliwa. Na nani? Na mimi mwenyewe! Wananishikilia hadi muda wa kulipa uishe.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea hata hakusubiri nimalize: "Kaka, simu yako ya zamani, badilisha."

Simu haina kosa, dada yangu. Mshale mliouchora juu kushoto unarudi ukurasa mmoja vizuri kabisa, kwa hiyo njia mnaijua. Mimi kazi yangu ni hizi hizi programu za Android, na dalili hii naifahamu. Kurasa zote zimewekwa ndani ya Activity moja, yaani fremu moja inayozibeba, na kila ukurasa unapobadilishwa hakuna aliyekumbuka kuita `addToBackStack`. Mshale umepewa maelekezo yake, lakini simu haikuachiwa kumbukumbu ya ulikopita. Ukiiambia irudi, inaona hapo ndipo mwanzo na mwisho, inakutoa nje.

Simu mpya nimejaribu pia, ya mke wangu, Android 13. Inakutoa vilevile, ila ukigusa alama ya programu unakuta ukurasa wako wa malipo upo. Ni kwamba tangu Android 12, kurudi nyuma ukiwa kwenye Activity ya kwanza hakuiui tena, kunaisukuma pembeni ikiwa hai. Yangu ni 11, inaiua na kila ulichojaza. Simu mpya inawasitiri tu, dada, kosa lipo palepale.

Haya, nisiwaonee. Nauli ni ileile ya dirisha la tiketi kituoni, na tiketi ikishatoka konda hana swali. Nilikuwa nimeshafikiria nyota tatu.

Halafu nikarudi kuchagua kiti kingine. Mchoro wa basi ni mpana kuliko skrini, lazima uuvute pembeni uone viti vya upande wa pili. Kidole kikianzia karibu na ukingo, simu inadhani unarudi nyuma, uko nje tena. Android inaruhusu programu iombe sehemu ya ukingo iachwe, hawa hawakuomba. Moja, basi, na nusu yake ni ya konda.

Mkilazimika kuitumia, gusa mshale wa juu tu. Kuhamia vitufe vitatu vya chini hakusaidii ukurasa wa malipo, kile cha kurudi kinafunga vilevile.