Kuhama kutoka nyota kwenda delta: taima ya kawaida au taima yenye pengo?

Tuchukue mota ya pampu ya kilowati 15 inayoanza kwa muunganisho wa nyota ili ivute mkondo mdogo, kisha huhamishiwa delta kwa kazi ya kawaida. Ina kontakta tatu, yaani swichi zinazovutwa na koili: kuu KM1, ya delta KM2 na ya nyota KM3. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, KM3 huvuta kwanza, KM1 hufuata na kujishikilia, kisha taima huanza kuhesabu sekunde 8.

Kwa taima ya kawaida, muda ukiisha mguso mmoja hukata umeme wa KM3 na mwingine huupeleka KM2 papo hapo. Kinga pekee ni mguso msaidizi wa KM3, ambao huunganisha njia ya koili ya KM2 pale tu KM3 inapoachia. Mguso wa KM2 nao huizuia KM3 vivyo hivyo. Hata hivyo, mguso msaidizi unaweza kurudi huku cheche ikiwa bado inawaka kwenye miguso mikuu ya KM3, na KM2 ikivuta wakati huo, fezi tatu hugongana. Dalili yake ni fyuzi kukatika wakati wa kuhama tu, na miguso ya KM3 kuwa na madoa meusi yaliyoyeyuka.

Taima yenye pengo huacha takriban milisekunde 50 kati ya kuzima KM3 na kuwasha KM2, muda unaotosha cheche kuzimika. Mimi huichagua hii, lakini siondoi miguso ya kuzuiana, kwa sababu taima haiwezi kujua kama KM3 imegandamana. Pengo likizidi sana, mota hupunguza kasi na mkondo huruka delta inapoingia.