Mahindi: umuuzie broka shambani ama upeleke soko la Kongowea?

Tuseme ekari moja huko Kwale imekupa gunia 10 za kilo 90, na mbegu, mbolea na vibarua vishakula 20,000. Broka akija shambani na 3,000 kwa gunia unabaki na 10,000, lakini angalia gunia lake bana, akijaza lumbesa ya kilo 100 zile 10 zinakuwa 9 na faida inashuka hadi 7,000.

Kongowea tuseme bei ni 3,600, toa gari na hamali 300 kila gunia, unabaki na 13,000. Mi ningepeleka Kongowea, ila yakauke kwanza, unyevu usipite asilimia 13.5, manake mnunuzi akikata 300 kwa gunia sababu ya ubichi ushalingana na broka, na gari umelipa bure.