Uzoefu wangu: upasuaji wa ngiri ya kinena kwa mpakia mawe wa Lamu

Kazi yangu ni kupakia mawe ya kujengea Manda Maweni na kuyashusha upande wa Lamu. Nimefanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena upande wa kulia, nimepona, na nimerudi kubeba. Naandika kwa ajili ya mahamali wenzangu, wachimba mawe na mabaharia, kwa sababu wengi tunao uvimbe huu na huwa tunanong'onezana tu.

Wangu ulianza kama limau dogo juu ya kinena. Nikiinua jiwe au nikikohoa hutokeza, nikilala chali hurudi wenyewe. Hospitali hakukuwa na mashine wala picha. Daktari alinisimamisha, akaweka kidole kwenye kinena, akaniambia nikohoe, akausikia ukigonga. Alinieleza kwamba mwanamume ana njia pale kinenani ambamo korodani hushuka kabla hajazaliwa, na ukuta wa tumbo mahali hapo hubaki dhaifu. Mzigo mzito husukuma utumbo au mafuta ya tumbo yapite hapo. Dawa ya kunywa haizibi tundu hilo, na mshipi wa kujifunga kiunoni huzuia uvimbe kwa muda tu.

Nilidhani ataniambia nikatwe siku ileile. Hakusema hivyo. Alisema mwanamume ambaye ngiri yake ni ndogo, inarudi kwa urahisi na haimuumi anaweza kungoja, mradi aelewe dalili za hatari. Kuna utafiti wa Marekani wa 2006 uliofuata wanaume wa namna hiyo, na waliopata dharura walikuwa chini ya 2 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Lakini walipoendelea kufuatiliwa, baada ya miaka 10 hivi karibu theluthi mbili yao walikuwa wameshafanyiwa upasuaji, wengi kwa sababu ya maumivu. Kwa hiyo kwa mtu wa kazi za nguvu, kungoja mara nyingi ni kuahirisha tu.

Nikangoja, huku nikiiangalia. Baadaye mambo yakabadilika. Uvimbe ukaanza kushuka kuelekea kwenye mfuko wa korodani. Jioni kinena kilivuta na kuwaka, na hata nikilala haukurudi upesi, ilibidi niusukume taratibu kwa kiganja. Hapo ndipo niliposema sasa inatosha. Kwangu hicho ndicho kipimo: ukilazimika kuacha mzigo ukajilaze, au uvimbe ukianza kukawia kurudi, panga siku ya upasuaji ungali mzima.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi watu wa visiwani. Hatari ndogo kwa anayeishi jirani na hospitali si ndogo vilevile kwa anayelala Faza au Siyu. Namjua mvuvi wa upande wa Pate ambaye ngiri yake ilikwama usiku baada ya kuvuta chombo. Uvimbe ukawa mgumu na ukagoma kurudi. Mkandaji akaitwa, akaukanda. Mgonjwa akaanza kutapika, na tumbo likajaa. Maji yalikuwa yamekupwa, na mkondo wa bahari wa Mkanda haupitiki vizuri maji yakiwa hivyo, ikabidi mashua ingoje yajae. Alipofika mezani kwa daktari, kipande cha utumbo kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Kilikatwa, ncha mbili zikaunganishwa, na tundu likashonwa kwa uzi bila wavu wa plastiki wa kuimarisha ukuta wa tumbo, kwa kuhofia wavu kuingia usaha. Alipona, alhamdulillahi, lakini upasuaji mdogo ulikuwa umegeuka mkubwa.

Kilichomtokea ni utumbo kunyongwa: tundu linaubana hadi damu haipiti. Inasemekana baada ya saa sita hivi utumbo unaweza kuanza kufa, ingawa wakati mwingine huwa mapema zaidi. Dalili ya kwanza ni uvimbe uliokuwa ukirudi kukataa kurudi, ukawa mgumu na kuuma hata kwa kuguswa tu. Kisha huja kichefuchefu na kutapika, tumbo kuvimba, choo kufunga na hata upepo kutotoka. Ngozi ya juu ikiwa nyekundu au ya zambarau, homa ikapanda na moyo ukaenda mbio, mambo yameshafika mbali. Usingoje dalili zote zikamilike. Usile wala usinywe, kwa sababu utapelekwa upasuaji, usimruhusu mtu kuukanda au kuurudisha kwa nguvu, na tafuta chombo usiku huohuo. Nalisisitiza la kukanda kwa sababu ndilo watu wetu hukimbilia kwanza: ukiusukuma utumbo uliokufa ndani, uvimbe utapotea machoni lakini sumu itabaki tumboni.

Upasuaji wangu wa kupangwa ulikuwa mwepesi kuliko nilivyohofia. Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikawa mizito kabisa, nikabaki macho nikiwasikia madaktari wakizungumza. Walipasua juu ya kinena, wakarudisha utumbo ndani, wakatandika wavu wa plastiki laini juu ya sehemu dhaifu na kuushona. Nyama huota kupitia matundu ya wavu huo, na ukuta ukawa imara bila kuvutwa kwa nyuzi. Wanaoogopa wavu wajue kwamba Uganda walilinganisha wavu wa bei ghali na wavu wa chandarua uliosafishwa kitaalamu, na matokeo yaliyotolewa 2016 yalionyesha haukuwa duni. Kabla ya kuruhusiwa kuondoka nilitakiwa nikojoe, maana ganzi ya mgongo wakati mwingine huziba mkojo.

Siku za mwanzo zilikuwa na maumivu, hasa kuinuka kitandani. Niligeuka ubavu kwanza kisha nikajisukuma kwa mikono, na kila kikohozi nilikandamiza mto juu ya kidonda. Nilitembea tangu siku ile ya upasuaji. Mfuko wa korodani na uume vilibadilika rangi kuwa zambarau, jambo la kutisha ukiliona kwanza, lakini ni damu iliyoshuka na hufifia yenyewe. Kinachotaka kurudi hospitali haraka ni uvimbe unaozidi kukua na kukaza, kidonda kutoa usaha, homa, au mkojo kukataa. Nilikula mboga na mapapai na kunywa maji mengi, kwa sababu kujikamua chooni huvuta palepale paliposhonwa.

Kazi nyepesi nilirudi mapema, nikihesabu mawe na kushika kamba. Mzigo mzito daktari aliniambia ungoje wiki 4 hadi 6, na nilifuata ingawa mfuko ulikuwa mtupu. Kwa mtu wa kibarua hilo ndilo gumu kuliko kisu, basi weka akiba au zungumza na nahodha mapema. Niliporudi nilianza na mawe madogo, tukibeba wawili wawili, nikiongeza kadiri kinena kinavyonyamaza.

Ngozi chini ya kovu bado imekufa ganzi, nimeambiwa huenda ikabaki hivyo. Wachache hubaki na maumivu ya muda mrefu, karibu mmoja kati ya kumi, na hilo mwulize daktari wako kabla ya kukubali. Mimi sina maumivu, na nabeba jiwe lilelile nililolibeba zamani.