Michango ya PSSSF: simu yako au kompyuta ya stesheneri?

Kwa mtumishi wa umma aliye Kongwa au Dodoma mjini, anayetaka kukagua michango yake kwenye PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, mimi napendelea programu ya PSSSF Kiganjani, ukiipakua kwenye duka la programu la simu yako, si kwa kiungo cha WhatsApp. Tovuti ya mfuko ina skrini pana ya kukagua miezi mingi. Ila kwenye kompyuta ya stesheneri, usiruhusu ihifadhi nywila, na utoke kwenye akaunti kabla hujainuka.

Popote utakapoangalia, usiishie kwenye jumla. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa asilimia 5, yaani 40,000. Mwajiri huongeza asilimia 15, yaani 120,000. Kila mwezi basi uonyeshe 160,000. Mwezi ukikosekana, peleka hati ya mshahara ya mwezi huo kwa afisa utumishi, maana pensheni hudai miezi 180 ya kuchangia.

Usajili ukigoma, linganisha jina kwenye kitambulisho cha NIDA na la kwenye mfuko, herufi kwa herufi. “Halima” na “Harima” ni watu wawili kwa mfumo. Hapo simu na tovuti ni sawa tu: kusanya vielelezo, nenda ofisini. Anayekupigia akiomba namba ya siri ili “akurekebishie” ni tapeli.