Mbao za paa Mwanakwerekwe: bei ya futi ilivyotaka kunipoteza

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta mbao za paini, mbili kwa nne, kwa ajili ya kenchi za nyumba yangu ya Fuoni. Fundi alihesabu vipande 55 vya futi 12. Nilizunguka yadi mbili za mbao. Ya kwanza walisema shilingi 11,000 kwa kipande. Ya pili muuzaji akasema, "Mimi nauza kwa futi, bwana, 900 tu." Kwa mbao zote ni 594,000 dhidi ya 605,000, na nilikaribia kumlipa huyo wa pili.

Kabla ya kutoa pesa nilizirudisha bei zote mbili kwenye mita. Futi 12 ni mita 3.66, kwa hiyo 11,000 ukigawa kwa 3.66 unapata kama 3,005 kwa mita. Bei ya futi unaizidisha kwa 3.28, maana mita moja ina futi 3.28, na 900 inakuwa 2,952. Bado yadi ya pili ilikuwa rahisi.

Kisha nikatoa tepu nikapima unene na upana wa ubao, jambo ambalo nusura nilisahau. Yadi ya kwanza mbao zilikuwa sentimita 5 kwa 10 kweli. Ya pili zilikuwa 4.5 kwa 9, ingawa zote zinaitwa mbili kwa nne. Ukizidisha, kwanza unapata 50, pili 40.5. Kwa kiasi kile kile cha mti, ile 2,952 ni sawa na 3,644 kwa mita. Na kwenye paa hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu kina cha ubao ndicho kinachozuia kupinda: ubao ule mwembamba unabaki na kama theluthi mbili tu ya ugumu wa mwenzake.

Yadi ya kwanza walikuwa na fungu jingine lenye mafundo, 9,000 kwa kipande. Fundi alinikataza. Fundo kubwa likiwa katikati lazima ukate, na katika vile alivyovichagua alikadiria kubakiwa na mita 3 zinazofaa kwa kila kimoja. Hiyo ni 3,000 kwa mita, sawa na mbao safi, tena na viungo zaidi. Kwa vipande vifupi vya kufungia ningelichukua fungu hilo.

Nilichukua pia mninga, mbili kwa sita ya futi 7, kwa fremu ya mlango, 42,000. Ni kama 19,700 kwa mita, na huko nilikagua weupe wa pembeni, kwani ndio dumuzi huanza kula. Kimoja kilikuwa na weupe wa vidole viwili nikakirudisha.

Yadi ya kwanza waliniacha nipime kila ubao bila kununa. Viwili vilipungua sentimita 6, wakanibadilishia pale pale.