Sola ya kulipa kidogo kidogo hapa Bukavu: bei yote ni dola 259

Kwenye tangazo lao, chini ya picha ya plake na ampuli nne, mafundi wa sola wa Kadutu waliandika hivi: "Keshi dola 190. Kwa mkopo: avansi dola 25, kisha dola 13 kila mwezi kwa miezi 18. Jumla utakayolipa: dola 259. Kufunga ni bure mjini." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niwapigie simu, kwa sababu matangazo mengi ya sola yanayonifikia hukutajia senti za siku na kukuachia hesabu nyingine zote.

Nilikuwa nalo tangazo jingine la vifaa vinavyokaribiana na hivi: avansi dola 20, halafu "senti 40 tu kwa siku" kwa miaka mitatu. Senti 40 haimtishi mtu. Lakini miaka mitatu ni siku 1,095. Zidisha, unapata dola 438, ongeza avansi, unafika 458. Bei ya keshi hawakuiandika popote, kwa hiyo huwezi kujua mkopo wenyewe unakugharimu kiasi gani. Kwa hawa wa Kadutu, mkopo unagharimu dola 69 juu ya bei ya keshi. Si kidogo, ni zaidi ya theluthi ya 190. Lakini niliijua kabla ya kuweka sahihi, nikaikubali, maana dola 190 kwa mkupuo sikuwa nazo.

Kabla ya kulipa avansi niliuliza jambo moja ambalo tangazo halikulisema: nikichelewa, je? Boksi la batri lina vibonye vya namba. Ukilipa kwa M-Pesa au Airtel Money unaletewa kodi kwa mesaji, unaibonyeza, na boksi linafunguka kwa siku 30. Siku zikiisha linajizima. Mwezi wa ada za shule lilizimika kweli. Nilipolipa likawaka, na deni halikupanda hata dola moja. Nitamaliza baadaye kidogo, basi. Kwenye mkataba imeandikwa wazi kwamba jumla ni ile ile 259. Kampuni isiyokubali kukuandikia hilo, usiipe avansi.

Kufunga ndiko kulikonifurahisha zaidi. Nilitaka plake ikae upande wa mlango ili niione, kwa kuogopa wezi. Fundi kijana akapanda, akatazama mti wa avoka wa jirani, akashuka. "Mama, hapa saa nane kivuli kitaifikia. Kikishika pembe moja tu, plake yote inadhoofika." Akaihamishia upande wa pili, akaifunga kwa boliti za kupenya hadi kwenye mbao, siyo kwenye bati peke yake, na akaiacha imeinama kidogo ili mvua ioshe vumbi. Waya akaupitisha chini ya ukingo wa bati na kuuning'iniza kidogo kabla haujaingia ukutani, maji yadondokee nje yasifuate waya mpaka ndani. Hapo nilijua huyu anajua kazi.

Plake ni ya wati 50, batri ni ya lithiamu yenye wati-saa 154. Ampuli nne za wati 3, zikiwaka saa tano, zinakula wati-saa 60. Simu za nyumba nzima na redio zinaongeza kama 60 hivi. Delestaji ikija tunapita usiku vizuri, na watoto wanasoma. Ila mvua ikishinda siku nzima na mawingu yakatanda, batri haijai, na mimi huzima ampuli mbili mapema. Ukiona taa ya batri bado ni nyekundu jioni ilhali jua liliwaka tangu asubuhi, tafuta kwanza kivuli au uchafu juu ya plake kabla ya kulaumu batri.

Wanaouliza kama itabeba pasi: hapana. Pasi ya wati 1,000 ingemaliza batri yote kwa dakika kama tisa, na boksi lenyewe halina uwezo wa kuiwasha. Frigo pia hapana. Wao hawakuniahidi hivyo, na ninawashukuru kwa hilo.

Kitu kimoja ninawaomba wakiongeze kwenye tangazo. Bei ni ya dola, lakini wengi wetu tunalipa kwa franka, na kiwango wanachotumia ofisini kwao si lazima kiwe sawa na cha mbadilisha-pesa wa barabarani. Juu yake kuna ada ya kutuma pesa kwa simu, ambayo inabaki kwako mteja, mara 18. Kwa hiyo mimi siku hizi ninaweka dola moja kwa moja kwenye akaunti ya dola ya M-Pesa, na ninatunza kila mesaji ya malipo mpaka wanipe kodi ya mwisho, ile inayofungua boksi moja kwa moja bila kuhesabu siku tena.