Uchambuzi wa vipimajoto viwili vya jikoni: kwa nini kinachosoma 100 Lushoto hakifai Tanga wala Lushoto

Assalaam aleikum, watazamaji, na habari za wakati huu. Leo nipo katika jiko la kantini moja hapa Ngamiani, Tanga, na mezani nina vipimajoto viwili vya kuchoma kwenye chakula. Cha kwanza ni cha mshale, chenye uso wa duara kama wa saa na sindano nene ya chuma. Cha pili ni cha kidijitali, chenye sindano nyembamba. Cha mshale si kipya. Kimeshuka kutoka Lushoto pamoja na mpishi mwenzangu, ambaye alikuwa akiwapikia wanafunzi wa bweni huko milimani. Aliponikabidhi aliniambia, “Kaka, hiki hakina shaka. Kila Jumatatu nakitia kwenye maji yanayochemka, na kila Jumatatu kinasoma mia.” Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nirekodi video hii.

Tunaanza na barafu. Nimeiponda mpaka vipande vikawa vidogo kama punje za mahindi, nikajaza glasi ndefu hadi ukingoni, kisha nikamimina maji safi ya baridi taratibu, yakaishia sentimita moja hivi chini ya ukingo. Naomba mtazame glasi kwa ubavuni: barafu imefika mpaka chini kabisa, na mchanganyiko ni mzito kama uji. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwani hutia vipande vitatu vya barafu kwenye glasi ya maji, vikaelea juu, nao wakachovya sindano kwenye maji yaliyo chini. Maji huwa mazito zaidi yakiwa karibu na nyuzi 4, kwa hiyo hayo ndiyo yanayozama na kutulia chini, na kipimajoto kizima kabisa kitasoma 3 au 4 na kuhukumiwa bure.

Nakoroga, nasubiri dakika mbili, nakoroga tena, kisha naingiza sindano zote mbili katikati bila kugusa glasi. Cha mshale nakizamisha sentimita 5 au zaidi, kwa sababu ndani ya sindano yake kuna utepe wa metali mbili uliosokotwa, na utepe huo husoma joto kwa urefu wake wote, si kwenye ncha tu. Baada ya nusu dakika namba zimetulia: cha kidijitali kinasoma 0.2, cha mshale kinasoma 5.

Kabla ya kukilaumu kifaa, jiulize kama barafu yenyewe inaaminika. Barafu iliyokaa na samaki huenda ikawa na chumvi, na chumvi huishusha chini ya sifuri. Sisi tumepata namba iliyo juu ya sifuri, kwa hiyo chumvi haihusiki, na kwa kuwa kifaa cha pili kimesoma vizuri katika glasi ileile, kosa liko kwenye mshale.

Sasa tuhamie jikoni. Sufuria ina maji matupu, yasiyo na chumvi, yenye kina cha zaidi ya sentimita 10, na yanatokota kwa nguvu, si yale yanayotoa vipovu vidogo pembeni. Navaa glovu, maana mvuke huunguza kuliko watu wanavyodhani, na nazamisha sindano bila kugusa kitako cha sufuria. Cha mshale kinasoma 105. Maji matupu katika sufuria iliyo wazi hapa pwani hayawezi kufika nyuzi 105. Yanachemka kwenye 100 na kubaki hapo hata ukiongeza moto. Kwa hiyo kifaa hiki kinazidisha nyuzi 5 kwenye baridi na nyuzi 5 zilezile kwenye moto, dalili kwamba mshale wote umesogezwa.

Nani aliusogeza? Mwenzangu mwenyewe, tena kwa nia njema. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko inayakandamiza maji kwa uzito mdogo kuliko hewa ya pwani, hivyo maji huchemka mapema. Kwa kukadiria, kila mita 300 za kupanda hupunguza nyuzi 1 kwenye joto la kuchemka. Gawanya 1,400 kwa 300 upate kama 4.7, kisha uitoe kwenye 100: maji ya Lushoto yanachemka kwenye nyuzi 95 na kidogo. Kipimajoto chake kiliposoma 95 kilikuwa kinasema kweli. Yeye alidhani kimeharibika, akashika spana, akazungusha nati iliyo nyuma ya uso mpaka mshale ukagusa 100.

Fikirini sasa kuhusu kuku. Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula kipikwe mpaka katikati yake pafike nyuzi 70. Mshale huu ulipoonyesha 70, kuku alikuwa kwenye 65. Upande wa baridi kosa lilimgeukia kwa namna nyingine: maziwa yaliyokuwa kwenye nyuzi 3 alisomewa 8, akawa analaumu friji isiyo na kosa.

Angetumia barafu angeligundua kosa siku ileile, kwa kuwa mwinuko hauigusi barafu kwa kiasi cha kuonekana jikoni. Uji wa barafu ni sifuri Tanga, na ni sifuri Lushoto. Kwa sababu hiyo narekebisha nikiwa kwenye barafu: naacha sindano ndani ya glasi, nashika nati kwa spana, nazungusha uso polepole mpaka mshale ulale kwenye 0. Kisha narudi kwenye maji yanayochemka kuhakiki, na mnaona wenyewe, kinasoma 100. Kama barafu ingekuwa 0 na kuchemka kukabaki 104, nisingezungusha tena. Kosa la namna hiyo haliondolewi na nati, na kifaa hicho ningekitoa jikoni.

Cha kidijitali kilinitia wasiwasi kidogo. Mara ya kwanza kwenye maji yanayochemka kilisoma 97.4, lakini nilikuwa nimechovya ncha tu, kwa kuogopa mvuke. Nilipokizamisha zaidi kilipanda mpaka 99.7 na kutulia. Kwangu mimi, tofauti isiyozidi nyuzi 1 upande wowote inakubalika. Kingebaki kwenye 97 hata baada ya kuzama vizuri, nisingekuwa na la kufanya, kwa kuwa hiki hakina nati wala kitufe cha kurekebishia.

Kuhusu ununuzi, cha mshale nitakiacha kwenye sufuria za maharage na pilau, ambako sentimita 5 za sindano huzama bila shida. Kwa mishikaki, vipande vya samaki na mapaja ya kuku ningechukua cha kidijitali, kwani sindano nene haipati nyama ya kutosha kuizunguka na itasoma hewa ya nje. Kila sindano ifutwe kwa spiriti kabla ya kuhama kutoka chakula kimoja kwenda kingine, na ile barafu ya majaribio imwagwe, isirudi kwenye juisi.

Nimefunga karatasi ndogo kwenye mpini wa kile cha mshale: tarehe ya leo, barafu 0, kuchemka 100, Tanga. Mwenzangu anapanda Lushoto mwezi ujao na anataka kuondoka nacho. Chini ya maandishi hayo nimemwongezea mstari mmoja: “Huko kisome 95, na nati usiiguse.”